"Ina kila kitu, mama": ujumbe kwa muuza TV ulioandikwa mara mbili

Mama mdogo yuko Tanga, mimi niko Dar, na kazi yangu ni kufunga madishi na kutengeneza TV. TV yake ya chogo ilikuwa imekata roho: picha imebaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, sauti inaendelea. Nilimwambia asiitengeneze, atafute bapa. Siku mbili baadaye akanitumia picha ya tangazo. TV ya inchi 43, imetumika, kutoka Marekani, shilingi laki tatu na tisini. Muuzaji yuko Kariakoo na anatuma mzigo kwa basi. Chini ya picha akaniwekea mazungumzo yao, maana alikuwa ameshamwandikia mwenyewe:

"Habari kaka. Hiyo TV ni smati? Na ni ya dijitali au mpaka king'amuzi?"

"Salama mama yangu. Hiyo ni smati kamili, dijitali, HDMI zipo, USB ipo, YouTube inapiga. Ina kila kitu mama."

Akaniuliza, "Nimtumie hela?"

Nimeyasoma majibu hayo mara nyingi tangu siku ile, na hadi leo sioni mahali yule kijana alipodanganya. TV ilikuwa smati. Ilikuwa ya dijitali. HDMI zilikuwepo, USB ilikuwepo, na YouTube ilifunguka dukani kwake. Hata hivyo, ingefika Tanga na kuchomekwa ukutani, kwanza ingeungua. Isingeungua, basi isingeshika hata chaneli moja ya antena. Kasoro ilikuwa kwenye swali. Mtu akikuuliza "ni ya dijitali?" unamjibu ndiyo, umemaliza, na yeye hana alichokipata.

Kwa hiyo nilimwambia asubiri. Kabla sijamwandikia muuzaji neno lolote nilimpigia simu mama mdogo, nikamwomba asimame mbele ya kabati la TV anisomee kila waya unaoingia nyuma. Maswali ya kumuuliza muuzaji hayatoki kwenye tangazo, yanatoka kwenye kabati hilo. TV haiishi peke yake. Inakuja kuungana na vitu ambavyo tayari umevilipia.

Alikuwa na king'amuzi cha dishi cha kulipia, chenye tundu la HDMI na pia zile tatu za rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Alikuwa na sabufa ya zamani ya spika mbili, inayopokea sauti kwa nyaya nyekundu na nyeupe tu. Alikuwa na antena ya nje juu ya mlingoti wa bomba, ambayo kwa sasa inaingia kwenye king'amuzi kingine kidogo ambacho rimoti yake imekufa. Na alikuwa na fulashi ya harusi ya binti yake. Simu yake ina bando, na waifai nyumbani hakuna.

Halafu akaniambia kitu ambacho kwangu ndicho kilichoamua kila kitu: "Mimi nataka antena iingie kwenye TV yenyewe, kama ya jirani hapa ng'ambo. Bando la dishi likiisha niangalie taarifa ya habari bila kuhangaika na rimoti tatu." Jirani anapata chaneli za bure moja kwa moja kutoka antena hadi kwenye TV, hakuna boksi katikati. Tukajua basi kwamba mawimbi mtaani kwake yapo na yanafunguka. Ilibaki kujua kama TV hii itayaelewa.

Nikaandika ujumbe upya. Naunukuu wote, kisha nieleze kwa nini kila mstari upo:

"Habari za kazi kaka. Mimi ni mtoto wa yule mama wa Tanga aliyeulizia TV ya inchi 43. Tuko tayari kulipa, ila kabla ya kutuma hela naomba picha nne na video moja fupi.

1. Picha ya kibandiko cha nyuma, karibu, ili namba ya modeli na volti zisomeke.
2. Picha ya matundu yote ya nyuma na ya ubavuni, na maandishi yake yaonekane.
3. Picha ya skrini ukiwa kwenye menyu ya kutafuta chaneli, kabla hujabonyeza kuanza.
4. Picha ya ukurasa wa programu, na ya ukurasa unaoonyesha toleo la mfumo.
5. Video ikishika TBC1 kwa antena tu, bila king'amuzi, halafu uzungushe simu nyuma ya TV tuone waya.

Rimoti ni yake? Miguu ipo na skrubu zake? Isipofanya kazi kwa antena tunarudisha ndani ya siku ngapi? Asante kaka."

Utaona kwamba karibu hakuna swali la "ina au haina". Muuzaji wa Kariakoo ana TV thelathini zimeegemea ukuta, na nyingi hajawahi kuzitazama mgongoni. Ukimuuliza tyuna yake, ile sehemu inayopokea mawimbi ya antena, ni ya aina gani, atakujibu kwa kukisia, si kwa nia mbaya, ila kwa sababu wateja wengine watano wanasubiri majibu. Ukimwomba picha humtwishi ujuzi asio nao. Anapiga, anatuma, unasoma mwenyewe. Na kule kuanza na "tuko tayari kulipa" hakukuwa mapambo. Bila hilo, ujumbe wenye mambo matano unaonekana wa mtu anayepoteza muda, na hujibiwi.

Alijibu baada ya saa moja. Picha tatu, video hakuna.

Picha ya kwanza ilitosha kunisimamisha. Kibandiko kilisomeka UN43TU7000FXZA, na chini yake AC110-120V. Hii ni Samsung, na namba zao ukizizoea zinasomeka kama anwani. Herufi mbili za mwanzo hukuonyesha eneo ambalo TV ilitengenezewa. UN ni Amerika, UE ni Ulaya, na UA ni matoleo yanayouzwa Asia na Afrika. 43 ni inchi. TU7000 ni familia yake, ya mwaka 2020. Herufi za mwisho, XZA, ni soko la Marekani. Ndugu zake waliouzwa Ulaya wana jina lilelile la TU7000 katikati, lakini huanza na UE na kuishia na herufi nyingine. Ndiyo maana "TV yangu ni TU7000" halikutoshi kama jibu. Wanaofanana katikati wanaweza kutofautiana katika yale mambo hasa unayoyauliza, na ukitafuta sifa zake mtandaoni kwa jina fupi unaweza kusoma za ndugu wa nchi nyingine. Omba namba nzima, mpaka herufi ya mwisho.

Volti kwanza, maana ndiyo inayoua. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa kilichoandikwa 110 hadi 120 ukikichomeka hapo, fyuzi ndiyo hutangulia, pamoja na ile sahani ndogo ya buluu kama senti iliyo jirani na fyuzi, varista. Ukiwa na bahati vinaishia hapo. Usipokuwa na bahati, ubao mzima wa umeme unakwenda nao. Kuna mafundi watakaokuambia kwamba TV nyingi za Marekani ndani yake hubeba volti zote na kibandiko ni cha kisheria tu. Baadhi ni kweli, zimeandikwa kabisa 100-240V. Lakini mahali palipoandikwa 110-120V mimi nafuata kibandiko, kwa sababu aliyekiandika anaujua ubao kuliko mimi. Dawa ipo, transfoma ya kushusha umeme. TV ya inchi 43 hula kama wati 100, hivyo transfoma ya wati 300 inaitosha bila kupata joto. Ila ni gharama nyingine, ni boksi zito nyuma ya kabati, na siku moja mjukuu atakuja kufagia, achomoe vyote, kisha arudishe TV moja kwa moja ukutani. Hilo nimeliona kwa mteja.

Sasa tyuna. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo neno "dijitali" linapowachanganya watu wengi.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo watu tulijifunza kwamba TV ni za aina mbili, zile za kale zinazohitaji king'amuzi na zile za dijitali. Ukweli ni kwamba dijitali ya angani haina lugha moja. Hapa kwetu, na Kenya pia, mitambo ya ardhini hutumia DVB-T2. Marekani hutumia ATSC. Japani hutumia ISDB-T. Zote ni dijitali, na hakuna inayomwelewa mwenzake. Si suala la kusasisha programu wala kubadili nchi kwenye menyu. ATSC hupakia picha kwenye mawimbi kwa namna nyingine kabisa, ndani ya chaneli zenye upana wa megahezi 6, wakati za kwetu zina megahezi 8. Sehemu inayofasiri hayo ni chipu iliyobandikwa kwenye ubao, na chipu haijifunzi lugha ya pili.

Picha ya tatu, ile ya menyu ya kutafuta chaneli, ilisema hayohayo kwa njia nyingine. Kwenye skrini palikuwa na Air na Cable tu. Hapakuwa na mahali pa kuchagua nchi, na hapakuwa na Satellite. TV ya soko letu karibu kila mara hukuuliza nchi kabla ya kuanza kutafuta, kwa sababu inahitaji kujua mpangilio wa masafa. Menyu isiyouliza nchi kabisa imezaliwa ikijua iko nchi moja.

Kuna mtego mwingine ambao kibandiko hakikuwa nao safari hii, ila niutaje kwa kuwa nakutana nao kila mwezi: DVB-T bila ile 2. TV za Ulaya za miaka ya nyuma zina DVB-T ya kizazi cha kwanza. DVB-T2 ilichapishwa mwaka 2009 na ilichukua miaka kuingia kwenye TV za bei ya kawaida. TV ya DVB-T tupu ukiitafutisha chaneli hapa, inatembea kutoka asilimia sifuri hadi mia na kuandika chaneli 0. Mwenye nyumba anapanda juu ya bati kuzungusha antena. Dalili ya kujua kwamba si antena ni hii: ingia kwenye utafutaji wa mkono, weka masafa ya mtambo wa eneo lako, utazame vipimo viwili. Nguvu ya mawimbi inapanda vizuri, labda asilimia 80, lakini ubora umelala sifuri na haujigusi. Mawimbi yanafika mlangoni, ila ndani hakuna anayeyaelewa. Antena mbovu hufanya vingine. Nguvu hushuka, au ubora huruka juu na chini na picha hukatikakatika kama karatasi za rangi.

Ndiyo sababu ya lile ombi la tano, la video. Mtu anaweza kukosea kusoma T na T2. Lakini TV ikionyesha TBC1 huku waya wa antena peke yake ukiwa nyuma, mjadala umekwisha. Nilipomkumbusha video akasema, "Kaka hapa dukani hatuna antena." Kariakoo, duka la TV, antena hakuna. Sikumlaumu sana. Madukani TV hujaribiwa kwa king'amuzi kimoja kinachozungushwa kwa waya wa HDMI, na kwa njia hiyo kila TV duniani ni nzima.

Na hapo ndipo pa kusema jambo ambalo wauzaji wenyewe wangelisema ili kujitetea, na wangekuwa na haki. Kama mama mdogo angekuwa na king'amuzi cha dishi tu, bila kujali antena, tyuna ya ATSC isingemhusu hata kidogo. King'amuzi kinafasiri mawimbi chenyewe na kuipa TV picha iliyokwisha iva kupitia HDMI. Kwa mtu wa namna hiyo TV ya Marekani ni kioo kizuri kwa bei nafuu, ukitoa habari ya volti. Mwaka 2018 TCRA ilipovizuia ving'amuzi vya dishi vya kulipia kubeba chaneli za bure za nyumbani, nyumba nyingi nilizokuwa nahudumia zilirudisha antena juu ya paa, na hapo tyuna ya TV ikageuka kuwa jambo la maana tena. Mama mdogo ni mmoja wao.

Pia nilimtahadharisha kwamba hata TV yenye DVB-T2 iliyonyooka hufungua chaneli zilizo wazi tu. Zile za malipo zimefungwa kwa kadi, na TV itaziorodhesha majina yake halafu ioneshe kioo cheusi na neno Scrambled. Ule mdomo bapa wa nyuma ulioandikwa CI ni wa kuingizia kadi ya kampuni, na haufanyi lolote bila kadi hiyo na moduli yake. Hali ni hiyohiyo kwa tundu la LNB IN. Linapokea waya wa dishi, lakini kwa chaneli za bure tu.

Turudi kwenye matundu. Picha ya pili ilionyesha HDMI mbili, USB moja, ANT IN, na tundu dogo la mraba la sauti ya mwanga, Optical. Tundu la spika za masikioni sikuliona.

HDMI mbili zingemtosha, moja ya king'amuzi na moja ya akiba. Tatizo lilikuwa sabufa. TV yake ya chogo ilikuwa na sauti ya kutokea kwa nyaya nyekundu na nyeupe, na watu wa rika lake wanadhani kila TV inayo. TV bapa za siku hizi nyingi zimeliondoa tundu hilo. Sauti hutoka kwa Optical au kwa HDMI iliyoandikwa ARC, na sabufa ya mwaka 2009 haijui lolote kati ya hayo. Kwa hiyo usimuulize muuzaji "sauti inatoka?" Uliza kama kuna tundu la spika za masikioni, maana hilo moja, kwa waya wa pini ndogo upande mmoja na nyekundu na nyeupe upande wa pili, linaendesha sabufa ya zamani bila kifaa chochote cha ziada. Lisipokuwepo, unanunua kile kiboksi kinachogeuza sauti ya Optical kuwa ya nyaya za rangi. Ukikinunua, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uweke PCM. Ukiacha Dolby, kiboksi cha bei ndogo kitabaki kimya au kitakoroma, na utakirudisha dukani bure wakati ni kizima.

Kuhusu USB sikuwa na wasiwasi. Video ya harusi iko kwenye fulashi, na fulashi haihitaji umeme mwingi. Angekuwa na diski kubwa ya nje ningeuliza namba iliyoandikwa pembeni ya tundu, 0.5A au 1A, kwa kuwa diski inayozunguka hukwama kwenye nusu ampea, inalia tik tik bila kuonekana kwenye skrini.

Programu nilizipitia haraka. Yeye anataka YouTube kwa ajili ya mawaidha na taarabu, basi. Picha ya nne haikutumwa, na sikuisisitizia, kwani TV ilikuwa imeshaanguka kwenye mawili ya kwanza. Nilimshukuru yule kijana na kumweleza bila kumfokea: volti si zetu, na tyuna ni ya Marekani, haitashika antena Tanga. Akauliza, "Kwani tyuna unaijuaje kaka?" Nikamwonyesha zile herufi mbili za mwanzo. Baada ya dakika kama kumi akaniletea picha za TV nyingine aliyonayo, mpya, inchi 43, ya kampuni ya Kichina, laki nne na themanini. Safari hii alianza na kibandiko.

Hii ilikuwa na sura tofauti kabisa. Volti 100-240. Kibandiko kiliandika DVB-T2/S2 waziwazi. Menyu ya kutafuta chaneli ilianza na orodha ya nchi, na Tanzania ilikuwemo. Nyuma kulikuwa na HDMI mbili, USB mbili, tundu la spika za masikioni, ANT IN, LNB IN, na tundu moja la duara lililoandikwa AV IN. Na video ikaja. Alikuwa ameazima antena ya ndani duka la jirani, na TBC1 ilikuwa inaonekana na chembechembe kidogo kila mtu akipita mlangoni. Nyuma, waya mmoja tu.

Ubovu wake ulikuwa kwenye ile picha ya nne, na safari hii niliisoma kwa makini. Ukurasa wa toleo uliandika Android 9, hivyo tu. TV zilizopewa idhini na Google hujitaja kama Android TV au Google TV, na ukurasa wao wa mwanzo una safu za programu zinazofanana kokote utakakokwenda. Hii ilikuwa na ukurasa uliochorwa na kiwanda chenyewe, na duka la programu lenye sura ya simu. Maana yake ni kwamba kiwanda kilichukua Android ya wazi na kuipachika kwenye TV. YouTube hufanya kazi. Netflix ndiyo hukorofisha. Aidha haionekani kwenye duka, au inafunguka katika toleo la simu lisilotii rimoti, na picha yake haipandi kufikia ubora kamili kwa sababu kifaa hakina idhini ya kufungua ngazi ya juu ya ulinzi wa video. Kusasishwa nako usitarajie. Programu uliyoiona dukani ndiyo utakayokaa nayo, hadi siku mwenye programu atakapoamua kuacha kuhudumia toleo hilo.

Nilimweleza mama mdogo hivyohivyo. Angekuwa mwanangu ananunua kwa ajili ya Netflix ningemwambia aache. Yeye alicheka. "Netflix ni nini, mwanangu?" Kwake ule upungufu haukuwa na bei. Hata siku akiutaka, HDMI ya pili iko wazi, na fimbo ya kuchomeka hapo huleta programu zote bila kuigusa TV. Hili ndilo lililonifanya nimruhusu alipe. Programu zikikosekana unaziongeza kwa kifaa cha kiganjani. Tyuna ikikosekana unaiongeza kwa king'amuzi, ukikubali rimoti ya ziada, na yeye alikuwa amekataa. Lakini matundu yakiwa machache, huwezi kuyatoboa. Kwa hiyo HDMI mbili zilikuwa ndiyo mwisho wangu wa kukubali. Ingekuwa moja, ningeikataa TV hiyo hata kama ingekuwa na idhini zote.

Mzigo ulifika kwa basi la usiku. Asubuhi tulifungua kwa simu ya video, yeye anashika nyaya, mimi naelekeza. Antena iliingia, utafutaji ukaanza, na chaneli za kwanza zikajitokeza kabla ya asilimia thelathini. King'amuzi kikaingia HDMI 1. Sabufa ikaingia kwenye tundu la spika za masikioni, na spika za TV zikanyamaza zenyewe, jambo lililomshtua kidogo. Menyu ya sauti ilikuwa na sehemu ya kuziwasha zote pamoja, ila aliamua kuiacha hivyo.

Kitu kimoja kilinipita. Alikuwa na deki ya DVD ambayo hakunitajia kwa sababu iko chumbani, ya nyaya tatu za rangi. AV IN ya TV hii ni tundu moja dogo la duara, na waya wa kugeuza haukuwemo kwenye boksi. Alinunua mmoja sokoni pale Tanga, akachomeka, sauti ikaja na picha ikagoma. Nyaya hizo hazina mpangilio mmoja. Kuna kiwanda kinachopitisha picha kwenye njano na kingine kwenye nyekundu, kutegemea pete ipi ya pini imeungwa wapi. Nilimwambia achomoe njano ya deki aiweke kwenye mdomo mwekundu wa waya, na nyekundu iende kwenye njano. Rangi hazikulingana tena, ila bibi harusi akatokea.